Chumvi Isiyosikika Mdomoni

Mazungumzo ya leo ni kisa cha binti mmoja wa Tanga aliyempikia baba yake chakula cha chumvi kidogo, baada ya tumbo la mzee kujaa maji kwa sababu ya ini lenye makovu. Ugonjwa huo huitwa sirosisi. Kisa kitasimuliwa kwa hatua: maji yalitoka wapi, chumvi inahusikaje, kwa nini binti alipika bila chumvi na bado maji yakarudi, na alifanya nini alipogundua sababu.

Tuanze na ini lenyewe. Mzee huyo aliishi miaka mingi na virusi vya homa ya ini aina ya B bila kujua. Virusi hivyo huliumiza ini polepole, na kila jeraha linapopona huacha kovu. Makovu yakizidi, ini hukakamaa. Damu yote inayotoka kwenye utumbo hupaswa kupita ndani ya ini kwanza kabla ya kurudi moyoni, na ini lililokakamaa huizuia damu hiyo kama mto uliozibwa na magogo. Shinikizo hupanda kwenye mishipa ya tumbo, na majimaji huanza kuchuruzika na kukusanyika ndani ya tumbo. Ini lililochoka pia hutengeneza kidogo mno ile protini ya damu iitwayo albumini, ambayo kazi yake mojawapo ni kuyashikilia maji ndani ya mishipa.

Lakini je, hayo yanatosha kujaza tumbo lita na lita? Hayatoshi. Zipo figo pia. Mishipa ya tumboni inapotanuka, figo hupata ishara kwamba damu mwilini imepungua, ingawa kwa kweli maji yapo tele. Kwa hiyo figo hufanya kazi ambayo zingeifanya kwa mtu aliyepoteza damu: huzuia chumvi isitoke na mkojo. Na penye chumvi, maji hubaki. Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Mgonjwa wa namna hii hajai maji kwa sababu anakunywa maji. Anajaa maji kwa sababu chumvi anayokula haitoki.

Hesabu yake ni rahisi kukumbuka. Lita 1 ya maji yaliyomo tumboni ina chumvi ya gramu 8 hivi. Maana yake, kila gramu 8 za chumvi zinazoliwa na figo zisizitoe, lita 1 ya maji huongezeka. Gramu 1 tu ya ziada kila siku, kwa muda wa wiki moja, inaweza kushikilia karibu lita nzima.

Sasa tuingie kwenye kisa. Mzee alilazwa akiwa na tumbo kubwa lililobana pumzi, na miguu iliyobonyea kila ilipobonyezwa kwa kidole. Hospitalini alitolewa maji kwa sindano, akaanzishiwa dawa ya kupunguza nguvu ya virusi, na akapewa vidonge viwili vya kuongeza mkojo, spironolaktoni na furosemidi. Siku ya kuruhusiwa, mizani ilisoma kilo 66, na miguu ilikuwa bado imevimba. Maagizo yalikuwa mafupi: pombe asiguse kabisa, dawa azimeze kila siku, na chumvi ipungue.

Chumvi ipungue mpaka wapi? Hilo ndilo swali alilolirudia binti kwa mtaalamu wa lishe, na jibu alilopata ni hili: chumvi yote ya siku nzima, kutoka kila chakula, isizidi gramu 5. Hicho ni kijiko kimoja kidogo cha chai, tena kisichojaa. Neno la kushika hapo ni “yote”. Chakula kibichi nacho huja na chumvi yake ya asili. Maziwa, mayai, samaki wabichi, nyama na mboga za siku moja vinaweza kufikisha gramu 1 na nusu kabla mpishi hajagusa kopo la chumvi. Kwa hiyo binti alikubaliwa kupima robo ya kijiko cha chai kwa siku, basi. Kilichobaki kiliachwa kuwa akiba kwa vile vitu ambavyo chumvi yake haionekani.

Wengine huuliza, kwa nini isiondolewe chumvi yote kabisa? Kwa sababu chakula chapwa hakiliki, na mgonjwa wa ini asiyekula hudhoofu upesi kuliko mtu mwenye afya. Misuli huyeyuka mikononi, mapajani na usoni, na tumbo lenye maji huficha ukweli huo. Kwa hiyo kipimo kina pande mbili: chumvi isizidi, na chakula kisipungue.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Binti alipika sufuria moja kwa nyumba nzima bila chumvi. Wengine walijitilia chumvi mezani, na baba alinyunyiziwa sehemu ya kile kipimo chake juu ya chakula kilichokwisha kupakuliwa. Njia hii ina sababu yake. Chumvi iliyo juu ya chakula hukutana na ulimi mara moja, lakini chumvi iliyochemshwa ndani ya mchuzi hutawanyika, na mpishi hulazimika kuongeza ndipo isikike. Mzee hakuwa na hamu ya kula, aliishia uji, wali kidogo na samaki. Kila asubuhi alipimwa uzito. Siku ya saba mizani ilisoma kilo 63 na nusu. Maji yalikuwa yanatoka.

Wiki ya pili hamu ya kula ikarudi. Nyumba nzima ilifurahi. Mzee alikula maharage, akaomba mkate na chai asubuhi, akatafuna karanga jioni. Binti aliendelea kupima ile robo ya kijiko na hakuizidisha hata siku moja. Lakini mwisho wa wiki mizani ilisoma kilo 64 na nusu, na soksi zilianza tena kuacha alama miguuni.

“Mwanangu, chakula chako hakina hata chumvi,” mzee alisema. “Basi haya maji yanatoka wapi?”

Swali hilo lilistahili jibu. Binti aliketi na daftari, akaandika kila kilichoingia kinywani mwa baba yake kwa siku moja, tangu chai ya asubuhi mpaka usiku, na akaandika pia kila kilichoingia kwenye sufuria. Kisha akaenda na daftari hilo kliniki. Je, kulikuwa na nini ndani yake?

La kwanza lilikuwa mkate. Mkate wa dukani hauna ladha ya chumvi, wengine huuona mtamu, lakini waokaji hutia chumvi kwenye unga. Slesi nne za asubuhi, pamoja na siagi ya kupaka yenye chumvi, zilimletea mzee gramu 1 na nusu au zaidi.

La pili lilikuwa magadi. Hili ndilo lililomshangaza binti, na huwashangaza wengi. Katika nyumba nyingi magadi hutiwa kwenye maharage, makande na kisamvu ili vilainike upesi. Hayana ladha ya chumvi ya mezani, na mpishi hayahesabu kuwa chumvi. Lakini kinachoshika maji mwilini ni sodiamu, madini yaliyomo ndani ya chumvi, na magadi yamejaa sodiamu hiyo hiyo. Kwa uzito, magadi yana karibu robo tatu ya sodiamu iliyomo kwenye chumvi. Soda ya kuumulia maandazi ya chai iko kwenye ukoo huo huo. Kijiko kimoja cha magadi katika sufuria ya watu watano kilimfikishia mzee kiasi kinacholingana na zaidi ya nusu gramu ya chumvi, bila ulimi wake kujua.

La tatu lilikuwa vile vidonge na unga wa mchuzi wa paketi, vinavyotiwa kwenye sufuria ili mchuzi ukolee. Karibu nusu ya kidonge huwa ni chumvi tupu. Vidonge viwili kwenye sufuria ya nyumba nzima vilimpa baba karibu gramu 1. Na la nne lilikuwa karanga za jioni, zilizokaangwa kwa maji ya chumvi, ambazo gao moja lina nusu gramu hivi.

Tujumlishe taratibu, msikilizaji. Mkate gramu 1 na nusu, magadi nusu, mchuzi gramu 1, karanga nusu. Ni gramu 3 na nusu kwa siku, juu ya ile robo ya kijiko na juu ya chumvi ya asili ya chakula. Kwa wiki nzima zinakaribia gramu 25, kiasi kinachoweza kushikilia lita 3 za maji. Vidonge vya mkojo vilitoa sehemu kubwa, na kilichobaki ndicho kilichoonekana kwenye mizani. Binti alipima kwa uaminifu chumvi iliyokuwa kwenye kopo, lakini chumvi nyingi zaidi ilikuwa nje ya kopo.

Sasa, alibadilisha nini jikoni?

Maharage aliyaloweka usiku kucha, akamwaga maji ya kulowekea, akayachemsha kwa maji mapya mpaka yakaiva bila magadi. Huchukua muda na mkaa zaidi, lakini hulainika. Kisha aliyaunga: vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vya kahawia, nyanya mbichi zilizokaushwa vizuri kwenye mafuta, kitunguu saumu, bizari na tui la nazi. Nazi ya kukuna nyumbani ina sodiamu kidogo sana. Alipoepua, ndipo alipokamulia ndimu. Uchachu wa ndimu au ukwaju huamsha ladha katika chakula kisicho na chumvi, na ukitiwa mwishoni hubaki na makali yake.

Samaki walikuwa wabichi, changu au wengine wa siku hiyo. Binti aliwapaka tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na ndimu, akawaacha kwa saa moja, akawachoma. Ng'onda na papa mkavu aliwaacha, kwa sababu samaki wa kukaushwa kwa chumvi hubaki na chumvi nyingi hata akilowekwa. Dagaa wa kuanikwa juani bila chumvi wanafaa, ila ni lazima kumuuliza muuzaji na kuonja mmoja kabla ya kununua.

Mkate ulipungua ukawa slesi moja siku chache za wiki. Mahali pake palichukuliwa na viazi vitamu vya kuchemsha, mihogo ya kuchemsha kwa nazi, au chapati zilizosukumwa nyumbani bila chumvi, zenye iliki kidogo. Ugali ulibaki vilevile, kwa kuwa ugali wa unga na maji hauna chumvi tangu asili. Karanga zilikaangwa nyumbani bila chumvi, baada ya kuchambuliwa na kutupwa zote zilizosinyaa au kuota ukungu, kwa maana ukungu wa karanga na mahindi hutoa sumu inayoliumiza ini zaidi.

Kwa vyakula vya paketi alijifunza kusoma maandishi ya nyuma. Pakiti nyingi hutaja sodiamu kwa miligramu, hazitaji chumvi. Miligramu 400 za sodiamu ni sawa na gramu 1 ya chumvi. Kwa kukumbuka hesabu hiyo moja, mtu anaweza kuamua dukani kabla ya kulipa.

Na maji ya kupikia je? Katika sehemu za pwani maji ya visima huwa na chumvi inayosikika. Pale penye maji ya namna hiyo, kupikia na kunywa maji ya bomba au ya mvua kunampunguzia mgonjwa mzigo ambao kipimo cha kijiko hakiuoni.

Tutazame basi siku moja ya mzee baada ya mabadiliko. Asubuhi alipata mayai mawili ya kukaanga na vitunguu, viazi vitamu na kikombe cha chai ya maziwa. Mchana ulikuwa ugali, samaki wa kuchoma mwenye ukubwa wa kiganja, na mchicha wa nazi. Jioni wali na bakuli la maharage. Kwa sababu maji ya tumboni hubana tumbo la chakula, mzee alishiba upesi, hivyo sahani zilikuwa ndogo na katikati aliletewa tunda au karanga. Na kabla ya kulala, bila kukosa, alikunywa uji wa maziwa.

Uji huo wa usiku una kazi maalumu. Ini lenye afya huweka akiba ya sukari ya kutumia mtu anapolala. Ini lenye makovu halina akiba ya kutosha, na baada ya saa chache mwili huanza kula misuli yake wenyewe. Kula kitu kabla ya kulala hufupisha njaa hiyo ya usiku. Kwa sababu hiyo pia, mayai, samaki, maharage na maziwa hayakupunguzwa. Mtu wa kilo 60 mwenye ugonjwa huu anahitaji protini ya gramu 75 hivi kwa siku, na siku iliyoelezwa hapa inakaribia kiasi hicho. Wapo wanaodhani kwamba mgonjwa wa ini anyimwe protini. Kumnyima kunamdhoofisha.

Kuna makosa matatu mengine ambayo nyumba nyingi hufanya kwa nia njema, na binti alionywa juu yake mapema.

Kosa la kwanza ni kutumia chumvi mbadala inayouzwa kama chumvi isiyo na sodiamu. Nyingi hutengenezwa kwa potasiamu. Mgonjwa anayemeza spironolaktoni tayari anahifadhi potasiamu mwilini, na ikizidi inaweza kuuvuruga mwendo wa moyo, hata kuusimamisha. Kwa huyu, chumvi mbadala ni hatari kuliko chumvi yenyewe.

Kosa la pili ni kumpa dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo huzibana figo, figo huzidi kushika chumvi, na vidonge vya mkojo hushindwa kazi. Vidonge vya kuyeyuka na kutoa povu kwenye glasi navyo huwa na sodiamu nyingi. Maumivu yakija, aulizwe daktari kwanza ni dawa gani na kiasi gani.

Kosa la tatu ni kumnyima maji ya kunywa. Kama ilivyoelezwa mwanzoni, kinachoshika maji ni chumvi. Maji ya kunywa hupunguzwa pale tu sodiamu ya damu inaposhuka sana na daktari akaagiza.

Je, binti alijuaje kwamba njia yake inafanya kazi? Alitumia mizani na daftari. Mzee alipimwa kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula, akiwa na nguo nyepesi, kwenye mizani ileile. Miguu ikiwa bado imevimba, uzito unaweza kushuka hadi kilo 1 kwa siku bila madhara. Uvimbe wa miguu ukiisha, usishuke zaidi ya nusu kilo kwa siku. Ukishuka kwa kasi kuliko hapo, figo zinaweza kuumia, na daktari hupunguza dawa. Ukipanda kilo 1 au 2 ndani ya siku chache, maji yanarudi, na daftari la chakula lifunguliwe siku hiyohiyo. Ulimi haukuweza kuligundua tatizo la nyumba hii. Mizani iliweza.

Katika wiki tatu zilizofuata mzee alishuka taratibu mpaka kilo 61, miguu ikakauka, akaweza kulala bila kuinuliwa kwa mito mitatu. Aliuzoea pia upishi ule. Ulimi wa mtu mzima huhitaji wiki kadhaa kuzoea chumvi kidogo, na wiki za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote.

Tumalizie na mipaka ya jambo hili. Chakula cha chumvi kidogo hakifuti makovu ya ini. Kikitumika peke yake, bila dawa, hukausha maji kwa wagonjwa wachache tu, kama 1 kati ya 10. Wengi huhitaji vidonge pamoja na chakula, na wengine hufika mahali ambapo maji hayana budi kutolewa kwa sindano mara kwa mara. Hilo likitokea, si lazima awe mpishi aliyekosea. Ni ini lililozidi kuchoka.

Na zipo dalili ambazo hazingojei mizani ya kesho. Homa au maumivu ya tumbo kwa mtu mwenye maji tumboni yanaweza kuwa maambukizi ndani ya maji hayo. Kuchanganyikiwa, kusinzia mchana na kukesha usiku, au mikono kutetemeka ni ishara kwamba sumu za utumbo zinafika kwenye ubongo. Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami ni kuvuja damu kwenye mishipa iliyotanuka. Mkojo kupungua sana ni figo kushindwa. Ikitokea hata moja kati ya hizo, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku, na daftari la uzito na la dawa likiwa mkononi.